Taa za nyumba ya bi harusi: LED, tyubu au kandili?



Katika orodha ya vyombo vya bi harusi hakikosekani kitu: kitanda, kabati, mapazia, seti ya sufuria, hadi vijiko vya chai. Taa hazimo. Zinaachiwa bwana harusi au fundi wa umeme, naye huweka chochote alichokikuta dukani. Kisha bi harusi anaingia nyumbani, umeme unakwenda wiki ya kwanza, na mama anamletea kandili na kidumu cha mafuta ya taa. Leo tunataka tuzipigie hesabu taa hizi kabla hujahamia.

Mama zetu wana sababu ya kuiamini kandili. Umeme wa Unguja unatoka Tanzania Bara kwa kebo inayopita chini ya bahari, na kebo ikileta hitilafu kisiwa kizima kinaingia gizani. Ilitokea mwaka 2008 kwa muda wa mwezi hivi, ikatokea tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waliopita katika miezi ile hawatupi kandili. Kebo mpya ililetwa mwaka 2013, na siku hizi shida yetu kubwa ni umeme kwenda saa moja au mbili usiku, kisha ukarudi. Kukatika huko kunataka taa ya namna nyengine.

Tuanze na mwanga wenyewe. Wengi tunanunua globu kwa wati, lakini wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni, na kwenye boksi utaona namba yenye herufi lm. Globu nzuri ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi. Globu ya kujisokota, ambayo ni ndugu wa tyubu, inataka wati 15 hivi kutoa mwanga huo huo. Tyubu ndefu ya futi nne imeandikwa wati 36, lakini ile balasti yake ya chuma nayo inakula wati nane au tisa, kwa hiyo jumla ni kama 45, na mwanga wake ni lumeni 2,500 au zaidi. Kandili iliyosafishwa kioo hutoa lumeni 40 hivi. Kibatari hakifiki hata 15.

Utauliza, mbona bibi alishona kwa kandili na tukasoma juzuu kwa kandili? Kwa sababu tuliisogelea. Ukiwa nusu mita kutoka kwenye taa, kitambaa chako kinapata mwanga mara nne ya ule ungeupata ukiwa mita moja. Kandili inamtosha mtu mmoja aliyeinama. Haiwatoshi watu watano ukumbini.

Sasa pesa. Bei hupanda na kushuka, basi tuchukue namba nyepesi, nawe utaweka za dukani kwako: uniti moja ya Tukuza shilingi 300, lita ya mafuta ya taa shilingi 3,000. Tuseme taa inawaka saa nne kila usiku, kuanzia Magharibi mpaka muda wa kulala. Kwa mwezi ni saa 120.

Globu ya LED ya wati 9 itakula uniti moja na kidogo, yaani shilingi 325 hivi. Globu ya kujisokota ya wati 15 itakula karibu uniti mbili, shilingi 540. Tyubu ndefu itakula uniti tano na nusu hivi, zaidi ya shilingi 1,600, ingawa mwanga wake ni mwingi zaidi. Kandili hunywa mililita 25 hivi kwa saa, kwa hiyo mwezi mzima ni lita tatu, shilingi 9,000. Na hiyo ni kandili moja. Ukitaka mwanga wa globu moja ya LED kwa kandili, unahitaji kandili ishirini, lita sitini. Mwanga wa mafuta ya taa ndio ghali kuliko yote, na wenye umeme wa mashaka ndio wanaoulipia.

Tyubu ina shida yake katika nyumba ambayo umeme unakwenda na kurudi. Kinachoichosha ni kuwashwa kuliko kuwaka. Kila inapoanza, ncha zake mbili huungua kidogo, ndiyo maana unaziona zinakuwa nyeusi. Umeme ukikatika mara nne kwa usiku mmoja, tyubu imeanza upya mara nne. Na volti zikishuka, kama jioni watu wote wanapopika na kupiga pasi, utaisikia stata inagonga tik tik na tyubu inapepesa bila ya kushika. LED yenye boksi lililoandikwa 85-265V itaendelea kuwaka hata volti zikiwa chini. Kwa hiyo ukiikuta tyubu nyumbani, itumie mpaka ife, lakini usinunue nyengine. Ndani yake mna zebaki kidogo. Ikivunjika, watoe watoto, fungua madirisha kwa robo saa, kusanya vipande kwa karatasi nzito na pangusa kwa karatasi mbichi. Usifagie kwa ufagio, maana utaitawanya.

LED ya kawaida nayo huzima umeme ukienda. Hapa ndipo inapoingia globu ya chaji, yenye betri ndani. Unaifunga kwenye holda kama globu nyengine, inajichaji ikiwa inawaka, na umeme ukikatika inaendelea yenyewe. Swichi lazima iwe imewashwa; ukiizima, haichaji.

Dukani utaambiwa inakaa saa tano. Usimbishie muuzaji, piga hesabu mbele yake. Tazama namba ya betri kwenye boksi, tuseme 1200mAh. Zidisha kwa 3.7, ambazo ndizo volti za betri hizi, kisha gawa kwa 1,000. Unapata 4.4. Betri hiyo inaweza kuwasha wati 4.4 kwa saa moja, basi wati 9 itaziwasha nusu saa tu. Ikidumu saa tatu, ujue imejipunguza mpaka wati moja na nusu hivi, na mwanga umeshuka hadi lumeni mia moja na kitu. Hiyo bado ni mara mbili na nusu au tatu ya kandili, na haina moshi. Lakini ujue unachokinunua. Ukitaka mwanga wa kutosha kushonea au kupambia wakati wa giza, tafuta betri kubwa zaidi. Betri nayo huchoka. Ikiwa mwanzo ilikaa saa tatu na sasa haimalizi saa moja, wakati wake umefika.

Tuchukue nyumba ya bi harusi mmoja, chumba, ukumbi, jiko na choo. Tunamuwekea globu mbili za chaji za wati 9, moja ukumbini na moja jikoni, kwa kuwa kwenye moto na kisu hatutaki giza la ghafla. Chumbani LED ya kawaida ya wati 9, chooni ya wati 5. Ikiwa globu ya chaji ni shilingi 10,000 na ya kawaida ni 3,000, jumla ni 26,000. Ukumbi ukiwaka saa nne na sehemu nyengine saa mbili mbili, nyumba nzima haifiki uniti mbili na nusu kwa mwezi, shilingi 740 hivi. Kandili moja ikiwashwa saa moja tu kila usiku ni lita moja kasoro robo, shilingi 2,250. Saa moja ya kandili ni ghali mara tatu kuliko taa zote za nyumba. Mafuta utakayoyaepuka yatarudisha bei ya globu moja ya chaji kwa miezi minne au mitano.

Tazama na rangi ya mwanga, hasa bi harusi. Kwenye boksi 3000K ni mwanga wa manjano, na 6500K ni mweupe. Wa manjano unapendeza chumbani na ukumbini. Mweupe unafaa jikoni na pa kusomea msahafu. Sisi tunaoshona tunajua kuwa chini ya kandili uzi mweusi, wa buluu ya kiza na wa kijani kibichi cha kiza ni kitu kimoja mpaka asubuhi. Hata LED mbovu hudanganya rangi ya kitambaa na ya vipodozi. Tafuta maandishi Ra 80 au zaidi. Kisha elekeza kamera ya simu kwenye globu ikiwa inawaka. Ukiona mistari myeusi inatembea kwa nguvu, inapepesa, na macho yatachoka hata kama huioni ikipepesa.

Je, kandili itupwe? Hapana. Siku kebo ikiharibika kwa wiki mbili, globu ya chaji haina pa kuchajiwa. Iweke safi, utambi umekatwa sawa, kwa dharura hiyo. Lakini isiingie chumbani. Chumba cha bi harusi ni chandarua, mapazia na satini, vitu vinavyoshika moto haraka. Usiongeze mafuta taa ikiwa inawaka. Usiweke mafuta kwenye chupa ya soda wala ya juisi, maana mtoto ataiona ni juisi. Akinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali. Na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ametuamrisha kuzima taa tunapolala, na akataja panya anayeweza kuuvuta utambi akaunguza nyumba na watu wake. Kandili ya kulala nayo, hata kwa ajili ya mtoto anayeogopa kiza, haimo katika mafunzo hayo.

Basi somo anapokaa na bi harusi kumpa ya nyumba, na taa ziwemo. Na mama akileta kandili, ipokee kwa mikono miwili, umshukuru, uipandishe juu ya kabati la jikoni.

Wabillahi tawfiq.