Kabla Hamjapeleka Kijitabu cha Mazishi kwa Mchapishaji

Wiki hii nimepokea rasimu tatu za vijitabu vya mazishi kwenye simu, zote kutoka kwa familia za huku kwetu Airport, Magongo na Port Reitz, na zote zimeandikwa Kiswahili na Kiingereza. Nimeona niandike mara moja kwa wote, maana kuna jambo moja ndani ya vijitabu hivi linalonikosesha usingizi kuliko rangi ya jalada ambayo kamati hubishania hadi saa sita usiku.

Sisi wa Changamwe mazishi yetu mengi huwa na ibada mbili. Jioni tunaaga mwili hapa, halafu basi linaondoka usiku ili asubuhi lifike kule nyumbani, Vihiga au Siaya au Machakos. Kijitabu kimoja kinabeba ibada zote mbili. Kitashikwa na mjukuu aliyetua jana uwanja wa ndege, ambaye Kiswahili chake ni cha kuomba maji tu, na kesho yake kitashikwa na dada ya marehemu mwenye miaka themanini ambaye Kiingereza hakijui kabisa. Ndiyo maana tunaandika lugha mbili. Si mapambo.

Anzeni na kurasa. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu chenu kitakuwa na kurasa 8, 12 au 16. Mkileta kurasa 10, mchapishaji atawaachia mbili tupu au atabana maandishi mpaka wazee washindwe kusoma. Kiswahili kiwe kushoto na Kiingereza kulia, kurasa zikitazamana. Mpangilio huo unaanza ukurasa wa 2 na wa 3, kwa sababu wa 1 ni jalada. Kwenye kijitabu cha kurasa 12, katikati ni ukurasa wa 6 na wa 7, na hapo ndipo kinapofunguka chenyewe bila kushikiliwa. Watu wengi huweka picha hapo. Mimi naomba muweke nyimbo, kwa herufi kubwa kuliko kurasa nyingine, kwa sababu ibada yetu ya jioni huisha giza likiingia na taa ya hema ni moja.

Kuhusu nyimbo, msidhani namba ya wimbo kwenye Tenzi za Rohoni ni sawa na namba yake kwenye kitabu cha Kiingereza. Andikeni jina la wimbo, kisha muhesabu beti pande zote mbili. Yesu Kwetu ni Rafiki hausumbui: una beti tatu huku na tatu kule, tuni ni moja, na kanisa likiimba lugha mbili kwa pamoja linamaliza pamoja. (Aliyeuandika, Joseph Scriven, alikuwa Kanada, na mwaka 1855 aliyatunga maneno yake kumfariji mama yake aliyebaki Ireland. Watoto wetu walioko ng'ambo wataelewa.) Nyimbo nyingine upande mmoja una ubeti wa ziada, na utasikia nusu ya watu wamenyamaza huku wengine wakiendelea, nao wamefiwa, hawahitaji aibu hiyo.

Masomo pia yaoanishwe. Anayetumia Biblia ya Muungano upande wa Kiswahili, kwa Zaburi ya 23 achukue King James upande wa pili, kwa sababu zote mbili zinataja uvuli wa mauti katika mstari wa nne. Biblia Habari Njema inasema giza kuu, na tafsiri mpya za Kiingereza zinaelekea huko. Si kwamba moja ni ya uongo. Lakini mfiwa anayesoma kurasa mbili zinazotazamana akiona mauti huku na giza kule, atatumia dakika zake za faraja kujiuliza nani amekosea.

Risala za watoto, wajukuu, chama na majirani zichapishwe kwa lugha zote mbili lakini zisomwe kwa moja. Risala ya maneno 200 husomwa kama dakika mbili. Risala sita zikisomwa mara mbili mbili ni dakika 24, na hapo hakuna aliyelia wala aliyeongeza stori yake. Neno la Mungu ndilo huja kupunguzwa, na dereva wa basi anapiga honi.

Tena msitafsiri neno kwa neno. Kiingereza kina namna yake ya kusema marehemu amewaacha watu fulani nyuma yake, na kijana mmoja aliigeuza ikawa mama "ameokolewa na mume wake na watoto sita." Wapendwa, aliyemwokoa mama yule ni mmoja na hakuwa mume wake! Andikeni "ameacha mume na watoto," basi. Hata yale maneno ya macheo na machweo juu ya tarehe mimi siyapendi sana. Kwa aliyelala katika Bwana jua halijazama. "Alizaliwa" na "alilala" yanatosha.

Sasa nije kwenye lile linalonikosesha usingizi.

Kuna familia moja, na nimebadilisha mambo madogo ili isijulikane, iliyoniletea rasimu siku mbili kabla ya safari. Wasifu wa mama upande wa Kiswahili ulisimuliwa na mdogo wake, naye binti mmoja akaandika. Wasifu wa Kiingereza uliandikwa na kijana mkubwa akiwa Nairobi. Kila upande ulikuwa mzuri ukiusoma peke yake. Nami huwa sisomi hivyo. Namwita mtu mmoja akae nami, mimi nasoma Kiswahili kwa sauti, yeye anafuata Kiingereza kwa kidole, na tunasimama kwenye kila namba na kila jina: mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa ndoa, watoto, wajukuu. Maneno matamu hayagombani, namba ndizo hugombana. Tulipofika kwenye watoto, mimi nikasoma saba. Mwenzangu akasema, "Baba Mchungaji, huku ni sita."

Wa saba, ambaye kwa kweli ni wa kwanza, mama alimzaa kabla ya ndoa, akalelewa na bibi yake kule nyumbani. Sasa ni mtu mzima wa miaka hamsini na ushee, na siku hiyo alikuwa tayari anachimba kaburi la mama yake.

Jioni nilienda Magongo. Sikwenda na hukumu, nikauliza tu orodha ya sita ilitoka wapi. Kijana mkubwa akasema aliitoa kwenye fomu ya wategemezi ya kazini kwa mama, ya miaka mingi nyuma. Nilimwamini. Lakini ndugu yake mwingine akasema afadhali ibaki hivyo, kwa sababu wageni wa Kiingereza ndio watu wa kazini na wa ng'ambo, hawahitaji kujua mambo ya zamani, na wa nyumbani watasoma Kiswahili. Yaani mama awe na watoto saba kwa Kiswahili na sita kwa Kiingereza.

Mama mdogo wao alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akauliza, "Huyo mtoto dada yangu alimzaa kwa lugha gani?" Hakuna aliyejibu.

Nikawaambia mambo mawili. La kwanza ni la Neno. Fungueni Mathayo sura ya 1. Orodha ya ukoo wa Bwana wetu inamtaja Tamari, inamtaja Rahabu, inamtaja Ruthu, na inamtaja yule aliyekuwa mke wa Uria. Mathayo angeweza kuruka. Wayahudi wa wakati ule hawakuwa na lazima ya kuwataja akina mama kwenye ukoo. Yeye aliwaandika, na kila mmoja wao ana stori ambayo kamati ya mazishi ingesema iachwe.

La pili ni la serikali, na hili wengi hawalijui. Kijitabu cha mazishi hakiishii kaburini. Kesi za mirathi zinapofika mahakamani, watu hukileta kama kielelezo kuonyesha nani alitambuliwa kuwa mke au mtoto. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inasema wazi kwamba kwa mwanamke, mtoto aliyemzaa nje ya ndoa ni mtoto wake. Kumfuta kwenye ukurasa wa kulia hakumfuti kwenye sheria. Kunachofanya ni kuweka karatasi mbili zinazopingana ndani ya jalada moja, lenye picha ya mama mbele, na siku ya barua ya chifu ya kutaja warithi kila upande utainua ukurasa wake.

Sikuwaamuru. Niliwaambia kanisa litasimama na kijitabu kinachosema jambo moja kwa lugha zote. Wakiona hawawezi kuandika saba, basi waondoe idadi na majina pande zote mbili, waandike tu kwamba ameacha watoto na wajukuu. Hilo ni kunyamaza, na kunyamaza kunaweza kuvumilika kwa muda kuliko kusema uongo nusu ya kitabu. Nikaomba nao, nikaondoka.

Saa nne usiku binti aliyekuwa akiandika alinitumia PDF. Saba, pande zote mbili, wa kwanza akiwa wa kwanza. Na kwenye ukurasa wa utaratibu wa ibada ya nyumbani walikuwa wamebadilisha msomaji wa 1 Wathesalonike 4:13-18. Alikuwa mjukuu kutoka ng'ambo, sasa lilikuwa jina la kaka yao.

Alisoma polepole, kwa Kiswahili, akiwa na udongo kwenye viatu. Yule mjukuu alisimama karibu naye akifuata kwa kidole upande wa Kiingereza. Baada ya mazishi kaka huyo alinifuata akaomba nakala mbili zaidi. Moja alisema ni ya kuweka ndani ya Biblia ya bibi aliyemlea. Ya pili alikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti pamoja na kitambulisho.

Wenye rasimu tatu za wiki hii, nimewarudishia zenu na alama za kalamu nyekundu. Familia ya Port Reitz, angalieni idadi ya wajukuu, ukurasa wa 4 na wa 5. Nipo ofisini kanisani Alhamisi kuanzia saa tisa alasiri, njooni na mtu mmoja wa kusoma Kiingereza.