Dakika Moja Bila Kunyamaza

Kabla hujageuza ukurasa, hebu mwombe aliye karibu nawe akutajie neno lolote, tuseme "kandambili", kisha uzungumze juu yake dakika moja nzima. Usishangae ukiishiwa na maneno ilhali nusu dakika haijafika.

Hapa Kiamunyi, nyumbani kwa dada yangu, kando ya barabara ya kutoka Nakuru mjini kwenda Kabarak, tumelifanya zoezi hili kila jioni kwa majuma matatu. Sababu ni mpwa wangu. Amemaliza diploma, na mwaka jana aliitwa kuhojiwa kazi. Alipoambiwa ajieleze, ulimi ulimkwama hata wahojaji wakahamia swali lingine. Kazi hakuipata.

Mtindo wenyewe si mgeni duniani. Chama cha Toastmasters, kilichoanzia Kalifonia mwaka 1924, kina kipindi cha maswali ya papo kwa papo ambapo taa ya kijani huwaka dakika ya kwanza, ya manjano dakika moja na nusu, na nyekundu ya pili. Sisi hatuna taa. Tuna kopo la majani chai lililojaa vijikaratasi, na simu ya kuhesabu sekunde. Simu huishika mtu mwingine, kioo kikimpa mzungumzaji kisogo, maana anayetazama sekunde husahau anachosema. Mtu wa pili hupiga alama kwenye daftari kila anaposikia "aaa", "yaani" au "unajua". Mzungumzaji huchomoa karatasi, husoma, huvuta pumzi moja, huanza.

Jioni ya kwanza mpwa wangu alichomoa "Vumbi". Mwenyeji wa Nakuru akose la kusema juu ya vumbi? Alianza hivi: "Vumbi ni udongo mwepisi unaopeperushwa na upepo. Vumbi si zuri kwa afya. Vumbi huleta kikohozi." Kisha kimya. Simu ilionyesha sekunde 19, na daftari lilikuwa na "aaa" sita.

Hapo ndipo penye kasoro, nami nawaomba wazazi waitazame vizuri, kwa kuwa ndivyo insha nyingi za shuleni zinavyoanza. Kueleza maana ya kitu kunammaliza msemaji upesi. Sentensi ya jumla haizai nyingine. Ikishasemwa, mlango umefungwa. Lakini kitu kimoja, cha siku moja, mahali pamoja, huvuta kingine chenyewe.

Nikampa karatasi ile ile tena. Safari hii nilimtaka aseme jibu lake kwa sentensi moja, atoe sababu, kisha asimulie tukio moja alilolishuhudia. Akasema vumbi ndilo lililomfundisha kuamka mapema. Kwa nini? Kwa sababu mwezi wa Februari, matatu zikianza kupita, soksi nyeupe za shule huwa kahawia kabla hajafika langoni; basi alitoka saa kumi na mbili barabara ikiwa bado na umande, akabeba kitambaa cha kupangusia viatu, na siku moja akakisahau. Simu ililia akiwa katikati ya kisa cha kitambaa. "Mjomba, nilikuwa sijamaliza!" akalalamika.

Kurudia mada si udanganyifu. Walimu wa lugha wana zoezi la kusimulia jambo lile lile kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili, kila mara kwa msikilizaji mpya. Kwa kuwa la kusema linajulikana, akili hupata nafasi ya kushughulikia namna ya kulisema.

Jambo jingine lililotusumbua ni kasi. Neno "bila kunyamaza" lilimfanya mpwa wangu akimbie kama mtangazaji wa mpira. Dalili yake ni mabega kupanda na pumzi kukatika katikati ya neno. Tukakubaliana kwamba kutua pumzi moja mwishoni mwa sentensi si kunyamaza. Kosa ni kutua katikati yake. Alama za "aaa" zilipungua kuliko kwa onyo lolote, kwa sababu "aaa" huziba pengo ambalo pumzi ingetosha kuliziba.

Lakini zoezi hili lina mipaka. Mwenye kigugumizi asishinikizwe na saa. Haraka mara nyingi humzidishia. Tena, saa haijui ukweli. Juma la pili mpwa wangu alichomoa "Ziwa Nakuru" akatubunia idadi ya heroe bila hata kupepesa macho. Dakika ilitimia, daftari lilikuwa jeupe, nasi tukamfutia alama zote. Tangu hapo akikosa takwimu husema alichokiona kwa macho yake, na nimegundua kwamba hicho ndicho tunachokisikiliza zaidi.

Jumatano ijayo anahojiwa tena. Jana usiku alichomoa "Jieleze". Alianza na mashine ya kushonea ya mama yake.