Jangwani ipi unaitafuta?

Andika neno "jangwani" kwenye Google uone. Utaletewa wana wa Israeli, utaletewa Yanga, shule ya wasichana, hoteli ya ufukweni kule Mbezi Beach, na pengine ngamia. Bonde linalofurika kati ya Magomeni na Kariakoo linapanga foleni na hao wote.

Nililitambua hili nilipokuwa naandika maelezo ya kipindi chetu cha podikasti kuhusu bonde hilo. Kipindi kina dakika 52, na ndani yake kuna mzee mmoja ambaye ningemsikiliza siku nzima. Tatizo ni kwamba anayetafuta habari mtandaoni hafikishwi kwetu na sauti ya mzee. Anafikishwa na maneno tuliyoyaweka chini ya sauti hiyo.

Mwenzangu anayehariri sauti alitaka kipindi kiitwe "Maji Hayana Adabu". Jina zuri, linavutia sikio. Lakini niambie, ni nani aliyekwama Magomeni, mvua inamnyeshea, anayeandika "maji hayana adabu" kwenye simu? Anaandika "kwa nini jangwani inafurika" au "barabara ya morogoro imefungwa". Nikapendekeza: "Kwa nini Jangwani inafurika: Bonde la Msimbazi tangu 2011". Akacheka. "Dada, hicho si kichwa, hiyo ni ripoti ya halmashauri." Tukakubaliana jina lake alitamke mtangazaji mwanzoni mwa kipindi, langu likae kwenye maandishi.

Muhtasari nao una mtego wake. Wengi wetu tuliotoka magazetini tunapenda kumtega msomaji: "Sikiliza ujue kilichotokea." Mimi natoa jibu palepale kwenye sentensi mbili za kwanza, maana kwenye simu hizo ndizo zinazoonekana kabla mtu hajabonyeza kufungua zaidi. Nikaandika kuwa Jangwani ni uwanda wa chini unaopokea maji ya Mto Msimbazi kabla hayajafika baharini, na kwamba mchanga na taka hupunguza kina cha mto. Kwa maneno "Mto Msimbazi" na "Magomeni", wana wa Israeli nimeshawaacha nyuma. Aliyetaka jibu tu ameshalipata. Anayetaka kumjua mzee atabonyeza.

Kisha orodha ya dakika. Huwa naona watu wanaandika "Utangulizi", "Mjadala", "Hitimisho". Hapo hujamwambia mtu kitu. Kila mstari nauandika kana kwamba ni swali la mtu fulani:

```
00:00 Kwa nini barabara hufungwa Jangwani
06:40 Mafuriko ya Desemba 2011, waliohamia Mabwepande
19:15 Karakana ya mwendokasi ndani ya bonde
31:05 Fidia ya Bonde la Msimbazi: hatua za uthamini
44:30 Wafanyabiashara waliobaki bondeni
```

YouTube inataka mstari wa kwanza uwe sifuri, muda uwe angalau mara tatu kwa mfuatano, na kila sehemu isipungue sekunde 10. Ukikosea, kipindi hakigawanyiki. Hayo ni madogo.

Kubwa lilikuwa mstari wa fidia. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo mwaka 2022, umegusa nyumba za watu, na watu wanatafuta "majina ya fidia msimbazi". Ningeyaweka maneno hayo kwenye maelezo, tungepata wageni. Lakini mgeni wetu hakusoma jina hata moja. Alieleza jinsi nyumba inavyothaminiwa na pa kuanzia ukiwa na malalamiko. Sasa mfikirie mama ambaye nyumba yake iko kwenye orodha, amenunua bando la shilingi mia tano, anasikiliza mpaka dakika ya 40 akisubiri jina lake. Huyo tumemwibia. Kwa hiyo chini ya muhtasari niliongeza sentensi moja: "Kipindi hiki hakitaji majina wala viwango vya malipo." Mwenzangu alisema naufukuza umati. Nilimjibu umati huo ungeondoka wenyewe baada ya dakika mbili, na hasira juu.

Tulipokwisha kubaliana, likaja tangazo. Mfadhili alileta sauti ya sekunde 40, ikapachikwa mwanzoni. Hapo kila kitu kinasogea: fidia haipo tena 31:05, ipo 31:45, na aliyebonyeza anamkuta mtu anamalizia habari za mabasi. Mstari wa sifuri tu ndio unaobaki ulipo. Ndiyo maana dakika naziandika mwisho, kutoka kwenye faili lililokwisha pandishwa, kisha nabonyeza kila mstari kwenye simu yangu na kusikiliza sentensi ya kwanza. Ikianzia katikati ya neno, narudisha nyuma sekunde tatu. Pale kwenye 31:45 nilirudisha tano, kwa sababu mzee, kabla hajalitaja neno fidia, alishusha pumzi kwanza.