Mtindi Wetu Umelala Sana: Kwa Nini Unachachuka na Namna ya Kuuwahi



Mdogo wetu aliolewa miezi miwili kabla ya Ramadhani, na futari yake ya kwanza ukweni alijitolea kutengeneza mtindi. Nyumbani tulikuwa tukiugandisha tangu tukiwa wadogo, akaona hilo ni jambo jepesi. Jioni ile mavyaa wake alionja kijiko kimoja, akaweka bakuli pembeni taratibu, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, maziwa haya yamelala sana." Wengine waliongeza sukari, kisha nao wakaacha. Alitupigia simu baada ya tarawehe analia, anasema hatotia tena mkono jikoni kwa watu.

Tulimuuliza hatua kwa hatua alichofanya. Maziwa alichemsha lita mbili, akayapoza, akatia nusu kikombe cha mtindi uliobaki wiki iliyopita kuwa ndiyo mbegu. Akalifunga sufuria kwa blanketi saa moja usiku, akalifungua saa mbili asubuhi. Likakaa mezani mpaka adhuhuri, ndipo likaingia friji. Basi tukaelewa: maziwa hayakuwa mabaya wala mkono wake haukuwa mbaya. Kosa lilikuwa saa na joto.

Mtindi unagandishwa na bakteria walioko ndani ya ile mbegu. Wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayogandisha maziwa na ndiyo inayoleta uchachu. Kwa hiyo kuganda na kuchachuka si mambo mawili, ni safari moja. Maziwa yakishaganda, bakteria hawajui kwamba wewe umeridhika. Wanaendelea na kazi maadamu pana joto na sukari. Mdogo wetu aliwaachia saa kumi na tatu, na humo ndani ya blanketi huenda walikuwa wamemaliza kugandisha kabla ya usiku wa manane.

Wiki ile tukaenda kwake na tukajaribu pamoja. Tulichukua lita moja ya maziwa, tukayapasha mpaka yakakaribia kuchemka, kwenye nyuzi 85, tukayaacha hapo dakika kumi huku tunakoroga. Hatua hii huufanya mtindi uwe mzito. Tukayapoza mpaka nyuzi 43, tukatia vijiko viwili vya chakula vya yogati mpya ya dukani isiyo na sukari wala ladha, tukakoroga polepole na kugawa kwenye chupa nne za jamu. Chupa tukaziweka ndani ya deli lile la kubebea barafu, tukamimina maji ya uvuguvugu wa nyuzi 43 mpaka mabegani mwa chupa, tukafunika. Ilikuwa saa tatu usiku.

Chupa ya kwanza tuliitoa saa saba usiku, baada ya saa nne. Ilikuwa imeanza kushika, laini, bado na utamu wa maziwa. Ya pili tuliitoa saa nane na nusu. Ukiiinamisha, mtindi wote unakwenda pamoja kama jeli na kuachia ukuta wa chupa bila kumwagika, na ladha yake ina uchachu mdogo wa kupendeza. Ya tatu ilitoka saa kumi, wakati wa daku: imara, lakini tayari imeshakuwa kali. Ya nne tukaiacha mpaka saa tatu asubuhi. Hiyo ilikuwa na maji ya rangi ya kijani-manjano juu, na mdogo wetu aliitambua mara moja kwa macho. Ndiyo ile ya ukweni. Maziwa yale yale, mbegu ile ile, tofauti ni saa tu.

Sasa, nani ataamka saa nane na nusu kila usiku kutoa mtindi? Hapa ndipo joto linapotusaidia. Katika mbegu ya yogati mna aina mbili za bakteria. Mmoja huanza kazi na ni mpole zaidi. Wa pili hupenda joto kubwa kidogo, nyuzi 43 hadi 45, na yeye ndiye mwenye kutoa asidi nyingi na kuivumilia. Ukishusha joto kidogo, mpaka nyuzi 40 au 39, kazi inakwenda pole pole na yule mkali hapati nafasi ya kutawala. Unapata kama saa moja na nusu ya ziada, na mtindi unakuwa mpole. Kwa hiyo usiku wa pili tulitia maji ya nyuzi 40, tukaweka saa tatu baada ya tarawehe, na saa kumi ya daku ulikuwa umefika pale pale ilipokuwa chupa ya pili. Zuri zaidi, wakati wa daku unaweza kuonja bila wasiwasi wa swaumu.

Kama huna kipimajoto, kwa maji yetu ya bomba ambayo huwa karibu nyuzi 28, changanya kikombe kimoja cha maji yanayochemka na vikombe vitano vya maji ya bomba, utapata nyuzi 40 hivi. Kikombe kimoja kwa vinne kitakupa karibu 42. Maziwa nayo yawe yanavumilika kwa kidole kidogo bila kuunguza. Yakiwa ya moto sana, kuanzia nyuzi 50 na kuendelea, mbegu inadhoofika au kufa, na asubuhi utakuta maziwa bado maji.

Mambo mawili mengine yalimponza mdogo wetu. La kwanza ni mbegu. Mtindi uliokwisha kuwa mkali umejaa yule bakteria wa asidi, na ukiutumia tena na tena kila mara unapata mkali zaidi. Weka pembeni vijiko viwili siku ile ile unapotengeneza, vitumie ndani ya siku chache, na ukiona ukali unazidi, anza upya na yogati mpya. La pili ni kupoza. Kutoa kwenye blanketi si kusimamisha kazi. Sufuria la lita mbili hukaa na uvuguvugu katikati kwa muda mrefu hata ndani ya friji, na bakteria wanaendelea. Gawa kwenye vyombo vidogo tangu mwanzo, vikae kwanza kwenye maji ya barafu kama nusu saa, ndipo viingie friji. Usikoroge ukiwa bado wa moto, utaachia maji.

Na ukikosea, sukari haiondoi asidi, inaifunika tu. Lakini usimwage, huo ni israfu. Roweka nao nyama ya biriani pamoja na thomu na tangawizi, maana hapo ukali ndiyo unaotakiwa. Chupa yetu ya nne iliishia huko.

Siku ya Ijumaa mdogo wetu alipeleka bakuli tena. Mavyaa alionja, akaonja mara ya pili, akamwambia, "Kesho niamshe na mimi daku, nione unavyoutoa." Alhamdulillah, sasa hulitoa deli pamoja.

Allah aziweke baraka katika majiko yenu na azijaalie nyumba zenu utulivu. Aamin.