Wimbo Usio na Jina: Kutoka Ng'ambo Hadi Urambo

Maandishi yalikuwa ya zambarau. Herufi ndogo za nota, d, r, m, s, l, zimepangwa kwa nukta mbilimbili na mistari ya wima, na chini yake maneno ya Kinyamwezi. Pale ambapo paa liliwahi kuvuja juu ya sanduku, kila herufi ilikuwa imechanua na kusambaa. Pale palipobaki pakavu, herufi zilikuwa za kijivu tu, kama zimeandikwa jana na mtoto wa shule. Ndiyo tabia ya ile penseli ya makarani wa zamani: ikiwa kavu ni penseli, ikilowa hugeuka wino.

Aliyelifungua daftari hilo ni mpwa wangu, mwimbaji wa sauti ya pili, anayesoma muziki Makumira, Arusha. Tasnifu yake inahusu walimu wa kwaya wa Kanisa la Moravian mkoani Tabora, na namna walivyokuwa wakihifadhi nyimbo kabla mashine za fotokopi hazijaenea. Mimi nilikuwa dereva, mbeba mikoba na mjomba, vyeo vitatu visivyo na mshahara.

Nyumba lilimopatikana daftari iko Ng'ambo, mjini Tabora, nyuma ya mwembe mkubwa. Mwenye nyumba ni bibi aliyefiwa na mume, na marehemu mume alikuwa mwalimu wa kwaya kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Makaratasi ya babu yako yamewashinda panya. Haya, na wewe jaribu."

Sanduku la bati lilikuwa na vitu alivyovitarajia mpwa wangu: nyimbo za mashindano zilizochapwa kwa taipu, ratiba za makongamano, barua za kuazimana vitabu. Daftari lilikuwa chini kabisa. Halikuwa na jalada, na pini zake za chuma zilikuwa zimeoza na kuacha alama za kutu zilizokula karatasi. Bibi alisema mumewe alilirithi kwa mwalimu aliyemtangulia, na huyo naye alilipata kwa mwingine. Katikati ya nyimbo zinazojulikana, zile zilizoimbwa kwenye kila kanisa kutoka Sikonge hadi Usoke, palikuwa na mmoja ambao mpwa wangu hakuuona katika kitabu chochote alichokuwa nacho. Juu yake hapakuwa na jina la wimbo wala la mtunzi. Paliandikwa neno moja tu: Urambo.

Kwa mtu anayeijua historia ya Kanisa la Moravian magharibi ya Tanzania, neno hilo linatosha kumpandisha presha. Wamisionari wa Kiingereza wa London Missionary Society walikaa Urambo tangu 1879, enzi za Mtemi Mirambo, na mwaka 1898 kituo chao kikachukuliwa na Wamoravian kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Rudolf Stern. Kazi yote ya Wamoravian katika Unyamwezi ilianzia hapo. Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kuota: huenda ameshika wimbo wa Wakristo wa kwanza wa Urambo, ulioandikwa Mjerumani angali mtawala.

Ndoto hiyo haikufika hata jioni. Alipoanza kusoma daftari ukurasa kwa ukurasa, kama alivyofundishwa, alikuta kabla ya wimbo ule orodha ya michango, mwandiko uleule na penseli ileile. Watu wametoa senti kumi, senti hamsini, mmoja shilingi moja. Akatazama juu. Wakati wa Wajerumani watu wa Tabora walihesabu kwa rupia na heller. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921. Kwa hiyo mkono uliouandika ukurasa ule uliuandika baada ya mwaka huo, hata kama wimbo wenyewe ulikuwa umeshaimbwa zamani.

Nilimwona ananyong'onyea kidogo, lakini mimi nadhani tarehe hiyo inavutia zaidi. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Wamoravian wa Denmark walikuja kuichukua kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Katikati hapo, makanisa ya Unyamwezi yalibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Ibada hazikukoma. Wimbo ulioandikwa na mtu aliyelelewa katika miaka hiyo, bila msimamizi wa Kizungu kumrekebisha, una habari ambazo vitabu vya nyimbo vya wamisionari havina.

Kesho yake asubuhi tukashika barabara ya magharibi. Kutoka Tabora hadi Urambo ni mwendo mfupi siku hizi, lami tupu, miombo pande zote, na mabani ya kukaushia tumbaku yakichungulia mashambani. Zamani ilikuwa njia ya misafara ya Ujiji, na wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Waliimba njia nzima: mmoja anaanzisha, wengine wanamjibu. Nataja jambo hili kwa sababu ndani ya gari mpwa wangu alikuwa ameliweka daftari mapajani, juu ya kanga safi, na alikuwa anauimba wimbo wa zambarau kwa nota. Uliimbwa hivyohivyo. Mstari mmoja mfupi umeandikwa sauti moja tu, halafu sauti nne zinaingia pamoja kwa jibu lisilobadilika.

"Unasikia, Mjomba? Hakuna f wala t popote."

Nikamuuliza hiyo maana yake nini. Akaeleza kuwa nyimbo nyingi za asili za Unyamwezi hujengwa kwa sauti tano, si saba. Nikadhani kesi imekwisha. Akanikatalia. Kuna nyimbo za Wazungu za sauti tano pia. Ule maarufu duniani kote kuhusu neema ya ajabu ni mmojawapo. Ukihesabu nota peke yake, utampa Mnyamwezi wimbo wa Mzungu.

Kipimo chake cha pili kilinipendeza zaidi, maana kila mwanakwaya amewahi kuumia nacho bila kujua. Kiswahili na Kinyamwezi huweka mkazo karibu na mwisho wa neno: tunasema BWA-na, YE-su. Nyimbo nyingi za Kijerumani na Kiingereza huanza kwa pigo dhaifu, ndipo pigo zito linafuata. Ukitafsiri maneno bila kugusa tuni, pigo zito linaangukia silabi isiyostahili, na kanisa zima linaimba bwa-NAA. Katika nota za solfa jambo hili linaonekana kwa macho, kwa sababu pigo zito huja mara baada ya mstari wa wima. Katika daftari la Ng'ambo, nyimbo za kabla na baada ya ule wa Urambo zilianza kabla ya mstari. Ule wa Urambo ulianza baada yake, na silabi nzito zilikaa mahali pake mstari hadi mstari. Aliyeutunga hakuwa anafukuzana na tuni ya mtu mwingine.

Urambo tulipokelewa na mama mmoja mzee, mwimbaji wa siku nyingi, aliyekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Mpwa wangu hakumwimbia. Alimwomba ayasome maneno tu, taratibu, kama anavyozungumza, huku simu ikirekodi. Mimi niliona ni kupoteza muda. Kumbe ndiyo ilikuwa shabaha ya safari. Kinyamwezi ni lugha ya toni: sauti hupanda na kushuka ndani ya neno, na ukiigeuza unaweza kusema neno jingine kabisa. Mama aliposoma ubeti wa kwanza, mpwa wangu aliweka vialama vya kupanda na kushuka juu ya kila silabi kwenye nakala yake, halafu akailinganisha na nota. Palipopanda usemi, karibu kila mahali tuni nayo ilipanda. Ubeti wa pili haukwenda hivyo. Maneno yalipanda huku tuni inashuka. Wa tatu ulikuwa mbaya zaidi.

"Basi alitunga wa kwanza, hizo nyingine akazivika nguo yake," alisema.

Hili ndilo jambo lililonishawishi mimi. Mtafsiri angekosea kuanzia ubeti wa kwanza. Huyu alipata tuni kutoka ndani ya usemi wa ubeti mmoja, kisha desturi ya vitabu, kwamba beti zote ziimbwe kwa tuni moja, ikamharibia zilizobaki.

Ndipo mpwa wangu akauimba. Mama mzee aliacha maharage. Mstari wa mwanzishaji hakuutambua kabisa. Jibu lilipoingia, akaliingilia kabla halijaisha, lakini kwa maneno mengine. Alisema ni kiitikio cha wanawake wakilima shamba la mwenzao, bibi yake alikuwa akikiimba jembe likiwa juu. Tulimwomba arudie, akarudia, na kidole chake kikagonga ubao wa kigoda kila jembe lilipotakiwa kutua. Kidole kiligonga mahali palepale penye mstari wa wima.

Mpwa wangu alitaka kuandika kwamba wimbo umetokana na nyimbo za kilimo. Nilimbishia barabara nzima ya kurudi. Mtu mmoja anayekumbuka kiitikio kimoja hatoshi, na kiitikio kinaweza kutoka kanisani kwenda shambani kama kinavyoweza kutoka shambani kwenda kanisani. Hatimaye tasnifu imeandikwa hivi: mtunzi hajulikani; nakala imeandikwa baada ya 1921; tuni imetungwa kwa ajili ya maneno ya Kinyamwezi, haikuazimwa; kiitikio kinafanana na wimbo wa kazi unaokumbukwa Urambo. Maneno machache, lakini kila moja lina ushahidi wake.

Daftari limebaki Ng'ambo, kwa mwenyewe. Kila ukurasa ulipigwa picha kivulini, mara moja kwa mwanga wa juu na mara moja kwa mwanga wa ubavuni, ambao huonyesha alama za penseli hata pale rangi ilipofutika. Pini za kutu zilitolewa, kurasa zikatenganishwa kwa karatasi nyeupe safi, na picha zikapelekwa kanisani.

Nawe msomaji, kama baba au babu yako alikuwa mwalimu wa kwaya na ameacha sanduku, nakuomba mambo machache. Usilipanguse daftari kwa kitambaa kibichi, kwa kuwa penseli ile ikilowa hairudi tena. Usiligandishe kwa selotepu wala kulipeleka kwenye leminesheni. Na usichane kurasa za michango ukidhani ni takataka zilizoingia katikati ya nyimbo. Mara nyingi tarehe imejificha humo.