Amefuta Komenti Yake, Lakini Wewe Bado Uko Nayo

Wasee, leo niko na maneno na sisi wenyewe, watu wa kontenti. Si maneno ya algoriti wala ya brandi. Ni maneno ya ile roboti ndogo karibu kila mtu ameweka kwa peji yake siku hizi, ile ya "andika LINKI hapo chini nikutumie inboksi."

Mnajua vile inafanya kazi. Mtu anaandika komenti, roboti inaiona, inamtumia ujumbe, halafu kimya kimya inaongeza mstari kwa jedwali lako la Google Sheets. Safu ya kwanza ni tarehe na saa, ya pili ni jina la akaunti, ya tatu ni maneno aliyoandika. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo watu husahau. Ujumbe ukishatumwa, kazi imeisha, lakini mstari unabaki. Kesho unaongezeka mwingine, na mwingine. Hakuna mtu aliamua ukae miaka. Ni vile tu hakuna mtu aliamua uondoke.

Wengi hunijibu hivi: "Lakini si komenti ni ya wazi? Kila mtu aliiona." Sawa, iliwekwa wazi. Lakini mwenye komenti ana uwezo mmoja mkubwa pale ilipo: anaweza kuifuta. Akishaifuta, kwake imeisha. Jedwali lako halijui hayo. Roboti yako ilipewa kazi moja, kuandika, na hakuna aliyeifundisha kufuatilia nani amebadilisha mawazo. Kwa hivyo kopi yako ni kitu tofauti na ile komenti, na mwenye kuwajibika kwa hiyo kopi ni wewe.

Nawapa mfano. Rafiki yangu mmoja ana peji ya mambo ya vijana na familia. Kuna video aliuliza wafuasi wake ni nini kiliwafanya watoke nyumbani mapema. Majibu yakamiminika. Msichana mmoja akaandika kuhusu mjomba wake, na mambo mazito yaliyomfanya akimbie. Alipoona watu wa mtaa wao wanaanza kujibu, akaifuta. Ilikaa juu kama dakika arobaini hivi.

Miezi kumi na moja baadaye, rafiki yangu akawa anatengeneza video ya "majibu yaliyonigusa zaidi." Hakurudi kwa posti, alifungua jedwali, kwa sababu huko ni rahisi kutafuta. Akachukua maneno ya yule msichana neno kwa neno, akaondoa jina, akayasoma. Alidhani kuondoa jina kunatosha. Lakini ndani ya maneno kulikuwa na darasa alilokuwa, stendi ya matatu karibu na kwao, na kazi ya mjomba. Siku hiyo hiyo msichana akatuma ujumbe inboksi: "Dadangu, hii nilifuta mwaka jana. Mbona bado mko nayo?"

Video ilitolewa usiku huo. Lakini aliponiita tuangalie ile roboti pamoja, tulipata jedwali lina watu watatu wenye ruhusa ya kulifungua, na mmoja alikuwa editor aliyeacha kazi kitambo. Tulipata pia kwamba kila komenti ilikuwa inatumwa kwa barua pepe kama arifa, na kwamba ile apu ya kuunganisha ilikuwa na historia yake ya kila kazi iliyofanya, maneno yote ndani. Jedwali lilikuwa moja, kopi zilikuwa tatu.

Sasa sheria inasema nini? Kenya tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayosimamiwa na Kamishna wa Data. Anayeamua ni taarifa gani zikusanywe na za kazi gani ndiye mdhibiti wa data, hata kama kazi yenyewe inafanywa na roboti ya kampuni nyingine. Kwa peji yako, huyo ni wewe. Kuna msamaha wa mambo ya kibinafsi na ya nyumbani, lakini peji inayouza na kutangaza bidhaa si mambo ya nyumbani tena.

Kuna kitu watu huchanganya hapo. Kanuni za 2021 zinaondolea wadogo wengi ulazima wa kujisajili, yaani wenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, isipokuwa wako kwa shughuli fulani zilizotajwa. Msee anasikia hivyo anasema, "Basi hii sheria hainihusu." Hapana. Umesamehewa kujisajili tu. Majukumu mengine yote yanabaki.

La kuhusu muda liko kifungu cha 39, na halitoi namba. Halisemi siku 30 wala mwaka. Linasema ukae na taarifa kwa muda unaohitajika tu kwa ile kazi uliyozikusanyia. Kazi ikiisha, ufute, au uziondolee kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwenyewe. Kuna hali chache za kukaa nazo zaidi, kama sheria nyingine ikikulazimisha au mwenyewe akikubali. "Labda zitanisaidia siku moja" haimo.

Kwa hivyo swali la "nikae nazo muda gani" hujibiwi na kalenda, unajibiwa na kazi. Na rafiki yangu tulikaa chini tukauliza kila mstari uko hapo kwa nini.

Waliotaka linki, kazi iliisha linki ilipofika. Tukaacha siku 7, kwa sababu wengine huandika kwamba hawakuona ujumbe. Zaidi ya hapo hakuna sababu. Tena kwa hao hatukuhitaji maneno waliyoandika hata kidogo, tukaiondoa ile safu ya tatu kabisa. Kitu ambacho hukukikusanya hakiwezi kuvuja.

Walioshiriki shindano la zawadi, tukaacha hadi mshindi apokee zawadi, pamoja na siku 30 za mtu kulalamika kwamba alionewa.

Wale waliosimulia maisha yao ndio walikuwa wagumu. Alitaka kuzihifadhi kwa ajili ya video za mbele. Tukakubaliana hivi: ndani ya siku 30 anasoma, anaandika kwa maneno yake mwenyewe wazo alilopata, kwa mfano "vijana kadhaa walitoka nyumbani kwa sababu ya jamaa anayewaumiza," halafu maneno ya mwenyewe yanafutwa. Ukihifadhi maneno yenyewe bila jina bado hujamficha mtu. Komenti ikiwa bado iko juu, mtu ananakili sentensi moja tu, anaitafuta, anampata. Na kama ilifutwa, wanaomjua watamtambua kwa stendi na mjomba. Kumbuka pia sheria inahesabu afya, kabila, imani, ndoa na mambo ya familia kama data nyeti, na kwa mtoto wa chini ya miaka 18 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Angalia wafuasi wako ni wa umri gani, halafu ujiulize kama unataka kukaa na hizo hadithi.

Kuamua siku 30 ni rahisi, kukumbuka kufuta ndiyo kazi. Kama roboti ndiyo inaweka, basi roboti pia ifute. Kwa Google Sheets unaingia Extensions, halafu Apps Script, unaweka hii:

```
function futaZaKale() {
  const s = SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName("Maoni");
  const mistari = s.getDataRange().getValues();
  const mwisho = new Date(Date.now() - 30 * 24 * 60 * 60 * 1000);
  for (let i = mistari.length - 1; i > 0; i--) {
    if (mistari[i][0] < mwisho) s.deleteRow(i + 1);
  }
}
```

Inasoma tarehe ya safu ya kwanza, na kila mstari uliopita siku 30 inaufuta, ikianzia chini kwenda juu ili namba za mistari zisiruke. Ukienda Triggers unaiambia ifanye hivyo kila siku.

Lakini usiiwashe ukaondoka. Kuna mtego hapa. Apu nyingi za kuunganisha huandika tarehe kama maneno, si kama tarehe. Kwa macho zinafanana, lakini kodi ikilinganisha maneno na tarehe haipati jibu, kwa hivyo haifuti chochote, na wala haikupi onyo. Utaamini uko sawa mwaka mzima. Njia rahisi ya kujua: kama hujabadilisha mpangilio wa seli, tarehe ya kweli hukaa upande wa kulia wa seli, maneno hukaa kushoto. Za rafiki yangu zote zilikuwa kushoto.

Mtego wa pili ni kwamba mstari uliofutwa bado unaweza kurudishwa kupitia Version history, na mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri. Sisi tuliamua kila mwezi uwe na faili lake. Mwezi ukimaliza muda wake, faili zima linafutwa, na halafu pipa la taka linamwagwa. Arifa za barua pepe tukazizima na za zamani tukafuta, historia ya ile apu tukaisafisha, na yule editor wa zamani tukamtoa.

Mwisho, waambie watu. Sheria inataka mtu ajue unachukua nini na kwa nini kabla hujachukua. Rafiki yangu sasa huweka mstari mmoja kwa kila posti yenye roboti: "Ukiandika LINKI, jina lako linahifadhiwa siku 7 ili tukutumie ujumbe. Ukitaka litolewe mapema, andika inboksi." Kanuni zinampa siku 14 kujibu ombi la kufuta, lakini kwa jedwali ni kazi ya dakika mbili. Na likivuja kwa njia inayoweza kuumiza watu, ana saa 72 tangu ajue kumwarifu Kamishna. Ukiwa na mistari ya wiki moja, hiyo ni barua fupi. Ukiwa na ya miaka mitatu, na hadithi za watoto wa watu ndani, utaanza kueleza nini?

Fungua jedwali lako sai. Usiangalie wa juzi, angalia mstari wa pili, ule wa zamani kabisa. Una tarehe gani, na huyo mtu bado unamhifadhia nini?