Mstari wa Mwalimu

Katika darasa la jioni la kujiandaa kwa mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, kiwango cha ndani cha faida kilitafutwa kwa penseli, kalkuleta na karatasi moja ya jedwali. Jedwali hilo lilikuwa na safu za miaka na nguzo za asilimia, na kila kisanduku kikiwa na kizidisho cha tarakimu tatu baada ya nukta. Ukitaka kujua shilingi ya mwaka wa pili ina thamani gani leo kwa riba ya asilimia 15, unashuka nguzo ya 15 hadi mwaka wa pili, unakuta 0.756.

Mwalimu wetu alipenda kutumia mfano wa mashine ya kusaga na kukoboa. Unainunua kwa shilingi milioni 12. Mwaka wa kwanza inakuletea milioni 4 baada ya kutoa gharama, wa pili milioni 5, wa tatu milioni 6, na wa nne milioni 3, kwa kuwa sasa imechakaa na matengenezo yameanza kula pesa. Swali ni hili: ni riba gani itakayozifanya fedha hizo zote, zikirudishwa kwenye thamani ya leo, zilingane na zile milioni 12? Kiwango hicho ndicho unachokiweka kando ya riba ya mkopo, uone kipi kimezidi kingine.

Hakuna njia rahisi ya kukipata moja kwa moja. Kiwango kimejificha chini ya mstari wa sehemu, kikiwa kimepandishwa kipeo cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne kwa pamoja. Basi tulikisia. Tulianza na asilimia 15: jumla ya thamani ya leo ikatoka milioni 12.924, yaani ziada ya shilingi 924,000. Kumbe kiwango kipo juu zaidi. Tukaruka hadi 25: jumla ikashuka hadi milioni 10.702, pungufu ya 1,298,000. Jibu limebanwa katikati. Hapo mwalimu alichora mstari mnyoofu kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili, akasoma mahali unapokata sifuri: asilimia 19.16.

Wengi wetu tulikuwa tayari kufunga daftari. Yeye akauliza, “Benki inawadai asilimia 19. Mnanunua mashine au hamnunui?” Darasa zima likajibu kwamba tunanunua. Akatuambia turudie kwa 18 na 20. Kwa 18 tukapata ziada ya 180,000, kwa 20 pungufu ya 278,000, na mstari mpya ukakata sifuri kwenye 18.79. Mashine ile ile, fedha zile zile, ila sasa mkopo wa asilimia 19 unakula zaidi kuliko mashine inavyozalisha.

Sababu yake aliichora ubaoni, na sijawahi kuisahau. Thamani ya leo haishuki kwa mstari mnyoofu kadiri riba inavyopanda. Inashuka kwa mkunjo, kwa kasi mwanzoni, kisha polepole, kwa hiyo mkunjo hulala chini ya mstari ulionyooshwa juu yake. Kwa mradi wa kawaida wa namna hii, wenye gharama mwanzoni na mapato baadaye, mstari kati ya kisio moja la chini na moja la juu hukata sifuri mbele ya mkunjo. Makosa ya mstari yanaelekea upande mmoja siku zote, ule wa kuupamba mradi. Ukitaka kuyapunguza, leta makisio yako karibu na jibu.

Miaka mingi baadaye, kwenye ofisi ya mikopo, kijana aliyeajiriwa karibuni alinikuta na makaratasi ya mradi. “Shikamoo, mama. Naomba nikuonyeshe kitu,” akasema, akageuza kompyuta yake:

```python
from scipy.optimize import brentq

fedha = [-12, 4, 5, 6, 3]   # milioni

def npv(r):
    return sum(f / (1 + r)**t
               for t, f in enumerate(fedha))

print(brentq(npv, 0.0, 1.0))
```

Nilikuwa nimempa tarakimu za mashine ya mwalimu, kwa kuwa ndizo ninazozijua kwa moyo. Jibu likatokea papo hapo: 0.18775 na tarakimu nyingine nyuma yake, yaani asilimia 18.78.

Nilitaka kujua inafanyaje. Jina `brentq` linatokana na Richard Brent, mwanahisabati aliyeieleza njia hiyo katika kitabu chake cha 1973. Unaipa mipaka miwili, hapa sifuri na asilimia 100, ambayo upande mmoja una ziada na mwingine pungufu. Inachora mstari kati ya nukta mbili, inasoma unapokata sifuri, inapima thamani halisi mahali hapo, kisha inaanza upya na nukta iliyo karibu zaidi. Ikishapata nukta tatu, huweza kupitisha mkunjo badala ya mstari. Na mstari au mkunjo ukienda ovyo, inaligawa tu eneo lililobaki katikati, hivyo jibu haliponyoki kwenye mipaka. Nilifurahi sana kuuona mstari wa mwalimu humo ndani, ukirudiwa bila kuchoka na bila tarakimu tatu za jedwali.

Kisha ukaja mradi wa machimbo ya kokoto. Gharama ya kuanza ilikuwa milioni 100, mapato ya mwaka wa kwanza milioni 230, na mwaka wa pili milioni 132 za kufukia mashimo na kurudisha ardhi. Kijana akaandika `[-100, 230, -132]`, na programu ikakataa: `ValueError: f(a) and f(b) must have different signs`. Kwa riba sifuri mradi unapoteza milioni 2, na kwa asilimia 100 unapoteza zaidi. Pande zote mbili ni pungufu, hakuna pa kubana. Akabadilisha mipaka iwe 0.15 na 0.25, ikamjibu 0.2, yaani asilimia 20.

Nilimwomba asiiandike asilimia hiyo kwanza, achapishe thamani ya leo kwa kila asilimia tano. Kwa 5 ilikuwa pungufu, kwa 10 sifuri, kwa 15 ziada ya shilingi 189,000 hivi, kwa 20 sifuri tena, kwa 25 pungufu ya 480,000. Fedha zinazobadilisha ishara mara mbili zinaweza kuwa na viwango viwili, na mradi huu ulikuwa navyo, 10 na 20. Mipaka aliyochagua ilikigusa kimoja tu. Yule anayekisia kwa mkono kuanzia 15 angekikosa vilevile kile cha 10. Tofauti ni kwamba daftari lake lingemwonyesha jinsi ziada ilivyo ndogo.

Ziada ya 189,000 juu ya milioni 100 ni ya kutiliwa shaka, kwa hiyo tukaongeza gharama ya kufukia kwa milioni moja tu, iwe 133. Thamani ya leo kwa asilimia 15 ikawa pungufu ya 567,000, na hapakuwa tena na riba yoyote inayoleta sifuri. Kwenye taarifa kwa kamati ya mikopo hatukuandika asilimia 20. Tuliweka safu yote ya thamani kutoka sifuri hadi 30, mara mbili, kwa milioni 132 na kwa milioni 133, na tukaomba makadirio mapya ya kufukia mashimo kabla ya uamuzi wowote.